Saluni ya viti viwili Tanga: kutoka kwenye fremu hadi siku ya kujaribu mitambo

Mtaji wa saluni ndogo haupotelei kwenye viti wala draya. Unapotelea kwenye chumba kilichokodiwa kwa haraka, na baadaye ikagundulika kwamba maji machafu hayana pa kwenda, au kwamba umeme ni wa mita inayotumiwa na fundi wa kuchomelea mlango wa pili. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na chumba na kukaa hapo muda mrefu. Mfano tutakaoufuata ni saluni ya wanawake yenye viti viwili, fremu ya futi 10 kwa 14 upande wa Makorora au kwenye barabara za namba za Ngamiani, kwa mtaji wa shilingi 4,500,000. Bei zote humu ni za kupangia hesabu. Kabla hujatoa hela, pita kwenye maduka matatu ulinganishe.

Kukagua fremu kabla ya kutaja kodi

Nenda kuiona fremu mara mbili: mara moja saa saba mchana, mara nyingine jioni. Mchana utajua joto lake. Jioni utajua nani anapita pale na kama umeme unashuka. Ukiwa ndani, angalia mambo matatu, na ukikuta moja halipo, ondoka hata kama kodi ni ndogo.

La kwanza ni njia ya maji machafu. Kuosha kichwa kimoja kilichowekwa dawa kunakula lita 10 hadi 15 za maji, na maji hayo yana dawa kali pamoja na nywele. Ukiyaelekeza kwenye mtaro wa wazi mbele ya duka, jirani atalalamika wiki ya kwanza na bwana afya atafika wiki ya pili. Muulize mwenye nyumba kama kuna shimo la maji nyuma, na kama atakuruhusu kupasua sakafu au ukuta ili bomba lipite. Jibu la ndiyo liandikwe kwenye mkataba. Bomba la kutolea liwe la inchi moja na nusu, na literemke sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Likilala sawa na sakafu, nywele zitatulia humo na baada ya mwezi sinki litaanza kurudisha maji. Vilevile uliza majirani hali ya masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu zipo fremu za bondeni ambazo shimo lake hujaa na maji hupanda juu kupitia bomba lako.

La pili ni umeme. Draya ya mkono inakula wati 2,000 hivi, draya ya kusimama wati 1,000, jagi la kuchemshia maji wati 2,000. Draya mbili za mkono, moja ya kusimama na jagi zikiwaka pamoja ni wati 7,000, yaani ampia 30 kwa umeme wa volti 230. Waya mmoja uliovutwa kwa ajili ya taa na redio hauwezi kubeba mzigo huo. Mwambie fundi avute njia mbili za soketi kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5, kila njia na breka yake, na kila kiti kiwe na njia yake. Usifanye kazi kwa ekstensheni. Plagi ikiwa ya moto unapoigusa, au soketi ikigeuka rangi ya kahawia pembeni, mguso umelegea ndani na mahali hapo pataungua. Zima na ubadilishe soketi siku hiyohiyo.

Kuhusu mita, tafuta fremu yenye LUKU yake. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa yuniti, mteja anayekaa dakika 45 chini ya draya ya kusimama hutumia umeme usiofika shilingi 300, na dakika 20 za draya ya mkono ni kama 240. Hicho ni kiasi kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoumiza ni mita ya pamoja, ambapo mwenye nyumba anakadiria tu kwamba "wewe una saluni, utoe nusu". Kama hakuna namna nyingine, funga mita ndogo ya kusoma matumizi yako na mkubaliane kwa maandishi kulipa kwa yuniti.

La tatu ni sitara na hewa, na hapa Tanga si sawa na mahali pengine. Wateja wako wengi wanavaa hijabu. Mwanamke hatavua mtandio mahali ambapo mpita njia anaona ndani, na hatarudi kama fundi umeme au muuza vocha anaingia bila hodi. Kioo kibandikwe filamu isiyopitisha macho hadi juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, na nyuma ya mlango liwepo pazia zito linalosimama lenyewe hata mlango ukiwa wazi. Ila ukishafunga hivyo, chumba kinakuwa tanuri na harufu ya dawa haitoki. Kwa hiyo fremu lazima iwe na dirisha la nyuma, au ukuta wa nyuma unaoruhusiwa kutobolewa ili uweke feni ya kutolea hewa. Feni ya ukutani peke yake haitoshi, maana inazungusha harufu ileile.

Kodi, kilemba na pesa ya serikali

Tuchukue kodi ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba atataka miezi sita mkupuo, 600,000. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, 100,000. Ukiambiwa kuna kilemba kwa mpangaji anayetoka, jiulize unanunua nini hasa. Kama anakuachia sinki lililofungwa na bomba linalofanya kazi, kina thamani. Kama anakuachia rangi ya ukutani, kikatae.

Jambo linalowashtua wengi ni kodi ya zuio. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Kwa haki ni hela ya mwenye nyumba: kati ya 600,000 unampa 540,000 na 60,000 inakwenda serikalini. Lakini wengi wao husema "mimi nataka laki sita yangu kamili". Ukikubali, maana yake kodi halisi ni 666,700, na 66,700 unaibeba wewe. Lizungumzeni kabla ya kusaini, kwa sababu TRA wataiuliza utakapopeleka mkataba. Juu yake kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, ambayo hapa ni 12,000. Katika hesabu yetu tumechukua hali mbaya, kwamba zuio umelibeba wewe. Jumla ya kuingia ndani ya fremu ni 600,000, 100,000, 66,700 na 12,000, sawa na 778,700.

Kwenye mkataba yaandikwe mambo matatu zaidi: kwamba kodi haitapanda kabla ya mwaka kuisha, kwamba sinki, tangi na feni ni mali yako na utaondoka navyo, na taarifa ya miezi mingapi itatolewa mkiachana. Mkataba ushuhudiwe na ofisi ya serikali ya mtaa.

Leseni inafuata mpangilio, ukiuvunja utarudishwa. Kwanza namba ya NIDA. Kwa namba hiyo unapata TIN kutoka TRA, nayo haina malipo. Kisha peleka TRA mkataba wa pango ukafanyiwe makadirio. Usijitaje mauzo ya kujisifu wala ya kudanganya, taja unayoweza kuyatetea. Saluni ya mauzo ya 800,000 kwa mwezi ni 9,600,000 kwa mwaka, na inaangukia kwenye daraja la kati ya milioni 7 na milioni 11. Asiyetunza kumbukumbu katika daraja hilo hulipa 250,000 kwa mwaka. Anayetunza hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7: hapa kilichozidi ni 2,600,000, asilimia 3 yake ni 78,000, jumla 168,000. Daftari la mauzo ya kila siku linakuokolea 82,000, kwa hiyo lianze siku ya kwanza. Kodi hiyo hulipwa kwa awamu nne. Ukishalipa awamu ya kwanza unapewa hati ya kuthibitisha kwamba hudaiwi, na hati hiyo ndiyo inayofungua mlango wa leseni.

Leseni yenyewe hutolewa na Halmashauri ya Jiji la Tanga, na maombi hufanywa kwenye mfumo wa tausi.tamisemi.go.tz. Ada inategemea aina ya biashara na mahali ilipo, na utaiona kwenye kontro namba. Sisi tumetenga 100,000. Lipa kwa kontro namba tu, benki au kwa simu. Anayekuomba ada hiyo mkononi hakukatii leseni. Ukitaka jina la biashara tofauti na majina yako kamili, lisajili BRELA, tenga 20,000. Nunua kizima moto kidogo cha unga, 60,000 hivi, kwa kuwa Zimamoto watakiuliza na pia kwa kuwa una draya na dawa zinazowaka ndani ya chumba kimoja. Ongeza 20,000 ya tozo ya taka na nakala za karatasi. Ukipiga muziki kwa ajili ya wateja, kuna kibali cha hakimiliki pia. Leseni ni ya mwaka mmoja, na ibandikwe ukutani mahali inapoonekana.

Maji na sinki

Maji ya bomba Tanga hupatikana, ila usijenge kazi juu ya bomba pekee. Siku maji yakikatika ukiwa na mteja mwenye dawa kichwani, una dakika chache tu kabla ngozi haijaungua. Weka simtanki ya lita 500 juu ya stendi ya mita mbili nje ya ukuta wa nyuma, ishuke kwa uzito wake hadi kwenye sinki. Lita 500 zinatosha vichwa zaidi ya 30. Tangi ni 130,000, stendi 70,000, sinki lenye kiti cha kulalia 400,000, mabomba na fundi 120,000. Fundi umeme na vifaa vyake 110,000. Rangi, pazia na filamu ya kioo 120,000. Jumla 950,000.

Kabla sinki halijafungwa moja kwa moja, kaa mwenyewe na ulaze kichwa. Shingo ikining'inia, au maji yakiteremka mgongoni, kiti kiko chini mno au kiko mbali. Kiinue kwa ubao kabla saruji haijakauka. Kwenye tundu la kutolea weka wavu mdogo wa chuma kisichoshika kutu, na uondoe nywele kila baada ya mteja.

Viti na draya

Kwa viti viwili vya kuosha na kukausha unahitaji draya moja tu ya kusimama. Mteja wa rola anapokwenda chini ya draya anakaa kwenye kiti cha kawaida, kwa hiyo anakiacha wazi kiti cha kazi kwa dakika 45 hadi saa nzima. Draya ya pili ya kusimama itapumzika siku nyingi za wiki. Msusi naye asikalishe mteja wa rasta kwenye kiti cha kupandisha, kwa sababu kazi hiyo inachukua saa nne hadi sita na itakufungia kiti mchana kutwa. Rasta wasukwe kwenye benchi na vigoda kandokando ya ukuta.

Kiti cha kupandisha na kushusha kikaguliwe dukani hivi. Kaa juu yake, kipandishe hadi mwisho, kisha ubaki umekaa dakika kumi bila kugusa pedali. Kikishuka hata vidole viwili, pampu yake inavuja ndani. Pitisha kidole kuzunguka shina lake chini: kikitoka na mafuta, usikichukue hata kwa nusu bei. Hapa pwani hewa ya chumvi hutoboa kromu, na kutu huanza pale shina linapoingia kwenye sahani ya chini. Kila Jumatatu panguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani.

Draya ya kusimama iwashwe dukani dakika 20. Joto linapaswa kupanda, kisha kujikata na kurudi lenyewe. Isipojikata, kidhibiti joto kimekufa na itachoma masikio ya mtu. Ikinuka kama plastiki, waya wa ndani umeshaungua. Ikishafika saluni, kinachoiua ni vumbi la nywele kwenye matundu ya kuvutia hewa: yakiziba, inazidi moto na kuzima katikati ya kazi, na watu hudhani imekufa. Tumia mswaki mkavu kila wiki, draya ikiwa imechomolewa.

Viti viwili kwa 220,000 ni 440,000. Draya ya kusimama 250,000, draya mbili za mkono 140,000, vioo na rafu 150,000, benchi na vigoda 80,000, feni mbili, moja ya ukutani na moja ya kutolea hewa, 100,000. Jumla 1,160,000. Vidogo vidogo, yaani mataulo 24, machanuo, vitana vya mkia, rola, vibanio, glavu na mashuka ya kumfunika mteja, vitafika 200,000. Mataulo usipunguze: mteja mmoja wa dawa hutumia mawili, na siku ya mvua hayakauki.

Mzigo wa kuanzia: 500,000 na si zaidi

Dawa ya kulainisha nywele chukua kopo la kilo moja la nguvu ya kawaida, na moja dogo la nguvu kubwa. Kugusia mashina, yaani kupaka dawa kwenye nywele mpya zilizoota tu, hutumia gramu 60 hadi 100, kwa hiyo kilo moja ni vichwa kumi au zaidi kidogo. Msaidizi anayeteka kwa mkono badala ya kijiko ataifanya iwe sita. Zile dawa za boksi zinazochanganywa na kimiminika zikishachanganywa hazikai kesho yake, kwa hiyo usimfungulie mteja wa nusu boksi ukitegemea kulihifadhi.

Pamoja na dawa nunua shampuu yake ya kukatia, ile ambayo povu lake hugeuka waridi kama dawa bado imo. Osha hadi povu liwe jeupe kabisa. Malalamiko mengi ya "dawa yako imenikata nywele" chanzo chake ni hapo: mteja alisuuzwa mara mbili, dawa ikabaki nyuma ya masikio na kisogoni, ikaendelea kula nywele usiku kucha. Mengine yanatokana na kupaka dawa kwenye ngozi iliyokwaruzwa. Muulize mteja kama amejikuna au ameosha kichwa siku mbili hizi, paka mafuta mgando pembezoni, na usivuke dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Nywele zilizowekwa dawa chini ya wiki nane zilizopita zisubiri.

Rasta ndipo hela hulala. Kichwa kimoja cha ukubwa wa kati kinakula pakiti nne hadi sita. Anza na pakiti 60: 40 ziwe nyeusi, namba 1 na 1B, 12 za namba 33, zilizobaki ziwe rangi mojamoja za kuonyesha. Anayetaka rangi ya ajabu aagize na atangulize hela. Safari ya Kariakoo kwa mzigo wa laki mbili hailipi, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku moja ya kufunga duka inameza nafuu yote. Nunua Tanga hadi mzigo wako uzidi hapo.

Mgawo na fundi

Wewe na fundi wako wa nywele mkubaliane kugawana malipo ya mteja baada ya kutoa gharama za vifaa. Chukua kazi ya dawa ya 15,000. Dawa gramu 100 ni 1,800, shampuu na kondishena 800, mafuta na glavu 500, umeme 500: jumla 3,600. Inabaki 11,400, kila mmoja 5,700. Mkigawana nusu kwa nusu kabla ya vifaa, fundi anapata 7,500 na wewe unabaki na 3,900, na humo ndimo utoe kodi ya fremu.

Ukijumlisha vyote, 778,700 ya fremu, 950,000 ya maji, umeme na rangi, 1,160,000 ya viti na draya, 200,000 ya vidogo, 500,000 ya mzigo, 200,000 ya leseni na wenzake, na awamu ya kwanza ya TRA ambayo tumeiweka 62,500 kwa asiye na kumbukumbu bado, unapata 3,851,200. Kinachobaki, 648,800, usikiguse kwa mapambo. Hicho ndicho kitakachowalisha miezi miwili ya mwanzo. Kodi ya miezi sita inayofuata itakuja pamoja na zuio lake, 666,700, kwa hiyo kila siku ya kazi weka 4,500 kwenye laini ya simu ambayo hutumii kwa mengine.

Siku ya kujaribu

Panga kufungua wiki tano au sita kabla ya Idi, au mwanzoni mwa msimu wa harusi, ili makosa yajitokeze kabla ya msongamano. Mwezi wa Ramadhani mchana huwa kimya, wateja huja baada ya futari, na siku tatu za mwisho hazikupi nafasi ya kumwita fundi bomba.

Siku mbili kabla ya kufungua, alika ndugu watatu waoshwe bure. Washa draya zote tatu, feni zote mbili na jagi kwa pamoja, uache nusu saa. Gusa kila plagi kwa mgongo wa kiganja. Osha vichwa vitatu mfululizo huku mtu akisimama nyuma kwenye shimo kuangalia kama maji yanafika kwa kasi ileile. Kisha zima taa za nje, washa za ndani, toka barabarani usiku na utazame kioo. Ukiona kivuli cha mtu aliyekaa kitini, filamu haijatosha, ongeza pazia la pili kabla ya kupokea mteja.